Vidonge Saba vya Wiki ya Kwanza

Mgonjwa wa sonona akifika zahanati hasemi ana sonona. Anasema kichwa kinachemka, moyo unaenda mbio, mwili hauna nguvu, usingizi umekatika. Tabibu, ambaye tangu asubuhi ameona foleni ya homa na vikohozi, anaagiza kipimo cha malaria. Majibu yanarudi: hakuna vimelea. Anaandika dawa ya maumivu na vitamini, na mgonjwa aking'ang'ania suala la usingizi anaongezewa valiamu ya siku chache. Wiki tatu baadaye mgonjwa yuleyule amekaa kwenye benchi lilelile na maneno yaleyale. Fungua daftari la wagonjwa wa nje la zahanati yoyote yenye shughuli, ufuatilie majina yanayojirudia bila ugonjwa wa kudumu kuandikwa pembeni. Baadhi yao ndio hao.

Si kwamba tabibu hakusoma. Katika stashahada yake alipitia somo la magonjwa ya akili, na pengine alipelekwa kwa muda mfupi katika hospitali kama Mirembe ya Dodoma au Lutindi kule Korogwe. Shida ni alichokiona huko. Wodini yupo mtu aliyekwisha kuzidiwa, aliyeletwa na ndugu, ambaye hata mpita njia angejua kwamba anaumwa akili. Zahanati inampa mtu aliyevaa vizuri, anayesalimia, anayetaka sindano ya mgongo. Hakuna aliyemfundisha kijana huyu kutoka kwenye mgongo mpaka kwenye huzuni katika dakika kumi na tano alizonazo.

Hapo ndipo inapoingia kozi ya siku tano. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango unaojulikana kwa kifupi kama mhGAP, kwa hoja ambayo haikuhitaji hesabu ndefu: mabingwa wa magonjwa ya akili ni wachache mno katika nchi nyingi, na hawataongezeka haraka, kwa hiyo kazi ya kwanza ya kutambua na kutibu ifanywe na wale waliopo, yaani matabibu, wauguzi na madaktari wa kawaida. Mwongozo wa matibabu ulitoka mwaka 2010 na toleo la pili mwaka 2016, likifuatwa na kitabu cha kufundishia. Katika ukanda wetu umejaribiwa sehemu mbalimbali, kwa mfano Kamuli nchini Uganda na Makueni nchini Kenya. Ni kitabu cha chati. Kila ugonjwa una hatua tatu, tathmini, matibabu na ufuatiliaji, na kila hatua ina maswali ambayo jibu lake linakuelekeza ukurasa wa kufungua.

Kwenye karatasi, ratiba inatosha vizuri. Jumatatu kuna mtihani wa kupima uelewa, kisha namna ya kuzungumza na mgonjwa. Jumanne ni sonona na kujidhuru. Jumatano ni saikosisi, yaani hali ya kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii au kushikilia imani ambayo hakuna ushahidi unaoitikisa. Alhamisi ni kifafa na pombe. Ijumaa asubuhi wanapitishwa haraka matatizo ya watoto na upungufu wa akili wa uzeeni, mchana mpango wa usimamizi, jioni mtihani wa mwisho na vyeti. Mimi ningepunguza. Anayetoka ukumbini akiwa anaweza kweli sonona, kujidhuru, saikosisi na kifafa ana manufaa zaidi kijijini kwake kuliko aliyesikia kidogo kuhusu kila kitu. Lakini waandaaji hupenda ratiba iliyojaa, na wanaolipia huipenda zaidi.

Siku iliyobeba kozi nzima ni Jumanne.

Washiriki wanagawanywa watatu watatu kwa ajili ya igizo dhima. Mmoja ni tabibu, mmoja ni mgonjwa, wa tatu ni mwangalizi mwenye karatasi ya kuweka alama. Mgonjwa anapewa kadi ambayo wenzake hawaioni. Kadi ninayoipenda inasema hivi: Una miaka 41. Unauza dagaa na mboga sokoni. Umekuja kwa sababu mwili wote unauma na hulali. Mambo mengine usiyaseme mpaka uulizwe vizuri. Chini yake kuna mambo hayo mengine. Kwa miezi miwili amepoteza hamu ya kila kitu, hata kwaya ya kanisani ambayo alikuwa haikosi. Anaamka saa nane za usiku na halali tena. Siku nyingi haendi sokoni, na mtaji umeanza kuliwa. Anaona amekuwa mzigo kwa watoto. Mwezi uliopita, mara mbili, aliwaza kujiua, na nyumbani kuna sumu ya kupulizia mazao.

Raundi ya kwanza huenda vilevile karibu kila mara.

"Haya mama, tatizo nini?"

"Mwili wote unauma, daktari."

"Homa ipo? Kutapika? Kuharisha? Mkojo unauma?"

"Hapana. Hapana. Hapana."

"Una msongo wa mawazo?"

"Hapana, daktari. Ni mwili tu."

Dakika mbili hazijaisha, na mahojiano yamekwisha. Mwangalizi anasoma alichoandika: maswali yote yalikuwa ya ndiyo au hapana, macho yalikuwa kwenye karatasi, mgonjwa hakuulizwa anaishi na nani. Swali la msongo wa mawazo liliulizwa kwa sauti ileile ya swali la kuharisha, na likajibiwa vilevile. Ukumbi unacheka, kwa sababu kila mmoja amejisikia mwenyewe pale.

Mwezeshaji hatoi mhadhara. Anawapa sentensi moja tu ya kujaribu: "Mama, nieleze siku yako ya jana tangu ulipoamka." Raundi ya pili inaanza na salamu, kwa kuwa tabibu ana miaka 26 na mgonjwa wa kwenye kadi ana umri wa mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Karibu ukae. Naomba nieleze siku yako ya jana, tangu ulipoamka."

"Kuamka… mimi silali, mwanangu. Saa nane macho yako wazi. Asubuhi nilikaa tu kitandani. Sokoni sikwenda."

"Nani alipika?"

"Binti. Mimi sikula."

Bila kuuliza lolote kuhusu akili, tabibu amekwisha kupata usingizi uliokatika, chakula kisicholika, kazi iliyolala na mtoto anayefanya kazi ya mama. Sasa maswali mawili ya msingi yana mahali pa kukaa. La kwanza: kwa wiki mbili zilizopita, siku nyingi, umekuwa na huzuni au moyo mzito? La pili: mambo uliyokuwa ukiyafurahia bado yanakufurahisha? Mwongozo unataka angalau moja kati ya haya liwepo kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na dalili nyingine kadhaa kama usingizi, hamu ya kula, uchovu, kujilaumu, kushindwa kuwa makini au kukata tamaa, na zaidi ya hapo, maisha ya kila siku yawe yameyumba. Sharti hili la mwisho ndilo linalosahaulika upesi. Mtu mwenye huzuni anayekwenda kazini, anayekula na kulea, hahitaji kidonge. Aliyefiwa ndani ya miezi sita iliyopita, kwa kawaida, naye hahitaji kuanzishiwa dawa. Nusu ya kujifunza kuandika dawa ni kujua wakati wa kuweka kalamu chini.

Kabla ya jina la ugonjwa kuandikwa, tabibu anarudi kwenye mwili, safari hii kwa sababu maalumu. Upungufu wa damu, tezi ya shingo inayofanya kazi polepole, lishe duni, dawa za steroidi, vyote vinaweza kumchosha mtu akaonekana ana sonona. Kuangalia wekundu wa kope na kupapasa shingo hakuchukui hata dakika moja, na hapa matabibu wa kawaida humshinda bingwa aliyezoea kukaa nyuma ya meza.

Kisha linakuja swali la kujiua. Katika mtihani wa Jumatatu huwa kuna sentensi isemayo kwamba kumuuliza mgonjwa kuhusu kujiua kunaweza kumpa wazo hilo. Wengi huweka alama ya kweli. Si kweli. Kuuliza hakuongezi hatari, na mara nyingi mgonjwa anapumua kwa kupata mtu wa kumwambia. Hata hivyo kulitamka kunahitaji mazoezi ya mdomo. Nimesikia washiriki wakizunguka na maneno kama "una mawazo mabaya?", ambayo mgonjwa anaweza kuyaelewa kama wizi, uzinzi au uchawi. Linaulizwa kwa ngazi. Kuna wakati umeona bora usiamke asubuhi? Umewahi kuwaza kujiua? Lini mara ya mwisho? Ulipanga jinsi ya kufanya? Kitu hicho kipo nyumbani sasa? Swali la mwisho ndilo linalobadilisha mpango. Mgonjwa mwenye wazo, mpango na nyenzo leo hii haachwi peke yake hata kwa dakika, ndugu anaitwa, bingwa anapigiwa simu. Mama wa kwenye kadi aliwaza mwezi uliopita, hana mpango sasa, lakini sumu ipo stoo. Kwake kazi ya kwanza ni dada aliyemsindikiza kukubali kuiondoa leo, kabla ya chakula cha jioni.

Hapa mkono mmoja huinuka daima: nikiandika hivi kwenye faili, si nitamfungulia kesi? Hofu hiyo ina mizizi. Sheria ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Kenya nayo ilikuwa hivyo hadi Januari 2025, Mahakama Kuu ilipoamua kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu kinakiuka katiba. Lakini kuwaza si kujaribu, na daftari la zahanati si daftari la polisi. Mwezeshaji mzuri analijibu swali hilo kwa kirefu badala ya kulipitia juu juu, kwa sababu tabibu anayeogopa jibu hataliuliza swali.

Sasa waandike dawa. Kila kundi linapewa cheti tupu cha dawa, kile kile kinachopelekwa dirishani, na kuambiwa lijaze kama vile mgonjwa anasubiri. Vyeti vinabandikwa ukutani. Kwa kawaida vingi vinafanana: amitriptilini miligramu 25, kidonge kimoja usiku, vidonge thelathini, rudi baada ya mwezi.

Cheti hicho kina makosa mawili, na yote mawili yanatokana na mazoea mema. Tabibu wa zahanati amezoea kumpa mgonjwa wa mbali dawa za kutosha ili asihangaike na nauli. Ila amitriptilini ikimezwa nyingi kwa mara moja huvuruga mapigo ya moyo, na kumkabidhi mtu aliyewaza kujiua chupa ya mwezi mzima ni kumrudishia stoo ile aliyoondolewa. Mwongozo unasema apewe kidogo kidogo, kwa mfano ya wiki moja. Yaani vidonge saba, na mtunzaji ni dada. Ikiwa ghala lina fluoksetini, ndiyo ya kuchagua kwa mgonjwa wa namna hii, kwa kuwa hatari yake ikizidishwa ni ndogo zaidi. Huanzwa na miligramu 10 asubuhi kwa wiki moja, kisha 20.

Kosa la pili halionekani kwa haraka. Miligramu 25 ni mlango tu. Dozi ya amitriptilini inayotibu sonona kwa mtu mzima ni kati ya miligramu 100 na 150 kwa siku, na hufikiwa kwa kuongeza 25 hadi 50 kila wiki, huku mgonjwa akiulizwa juu ya mdomo mkavu, choo kigumu na kizunguzungu anaposimama. Kwa mzee, dozi inayolengwa ni nusu ya hapo. Kidonge kimoja usiku kitampa usingizi, naye atashukuru, kisha huzuni itabaki palepale na wote wawili, tabibu na mgonjwa, watakubaliana kwamba dawa za mawazo hazifanyi kazi. Ni kosa la kawaida mno, na kwa maoni yangu limeharibia jina la dawa hii kuliko madhara yake yote.

Kwa hiyo cheti sahihi cha mama muuza dagaa ni kifupi na kina tarehe. Amitriptilini miligramu 25 usiku, vidonge 7, atunze dada. Arudi baada ya siku saba, tukiwa tumekubaliana kupanda hadi 50. Maneno anayoambiwa ni sehemu ya tiba kama kidonge: usingizi utatangulia, lakini moyo kuwa mwepesi huchukua wiki nne hadi sita, ukipata nafuu usiache, kwa sababu tutaendelea kwa miezi tisa hadi kumi na miwili baada ya dalili kwisha, kisha tutapunguza polepole. Halafu kuna jambo ambalo halimo dirishani: achague shughuli moja aliyoiacha, tuseme kwenda mazoezi ya kwaya Jumamosi, aifanye hata kama hana hamu. Valiamu aliyoizoea haiongezwi. Kama amekuwa akiimeza kila siku kwa wiki nyingi, inapunguzwa taratibu, haikatwi ghafla.

Washiriki wanadhani wamemaliza. Ndipo mwezeshaji mjanja anapowaambia wasome kadi zao kwa sauti, na inagundulika kwamba nusu ya kadi zina mstari mmoja wa ziada. Mstari huo unasema: Mwaka juzi, kwa wiki mbili, ulikuwa hulali na huchoki, uliongea mfululizo, ukagawa mtaji wote kwa watu usiowajua, familia ilisema umepagawa, kisha ikapita.

Mama wa kadi hii anaonekana sawasawa na yule mwingine, anauma mwili uleule na analia machozi yaleyale. Lakini ana ugonjwa wa mhemko wa pande mbili, na kidonge cha sonona kikipewa peke yake kinaweza kumrusha kwenye kile kipindi cha mwaka juzi. Huyu si wa kuanzishiwa amitriptilini zahanati. Ni wa kupigiwa simu bingwa. Kila kundi lenye kadi hiyo linaangalia cheti chake ukutani. Makundi ambayo hayakuuliza kama kuna kipindi mgonjwa alikuwa na nguvu kupita kiasi yameandika dawa ileile kwa watu wawili tofauti. Sijaona mhadhara unaolipandikiza swali hilo kwa nguvu kama dakika zile mbili za kusoma kadi.

Jumatano ina kitendawili chake kimoja ambacho nitakitaja kwa sababu ndicho kinachowafukuza wagonjwa. Haloperidoli kwa mwenye saikosisi huanzwa na miligramu 1.5 hadi 3 kwa siku, lakini kidonge kilichopo dirishani mara nyingi ni cha miligramu 5, kwa hiyo asiyefundishwa kukikata nusu huanza na dozi kubwa. Ndani ya siku chache za mwanzo, hasa kwa vijana, shingo inaweza kupinda ghafla, macho yakageukia juu, ulimi ukakaza. Familia ambayo haikuonywa inaona jini limejibu mapigo, na safari inayofuata si ya zahanati. Familia iliyoonywa inarudi haraka, mgonjwa anapewa biperideni au benzheksoli, dozi ya haloperidoli inapunguzwa, na hali inatulia. Igizo la Jumatano kwa hiyo halihusu mgonjwa bali baba yake. Tabibu anapewa dakika tatu kumweleza, bila kumtisha, kwamba shingo ikipinda ni dawa na si jini, na arudi siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Wengine hulifanya vizuri kuliko mwezeshaji mwenyewe, kwa kuwa wanajua namna ya kuongea na wazee wa kwao.

Ijumaa mchana watu wana mabegi miguuni na akili iko stendi. Ni saa mbaya ya kupanga jambo lolote, na ndiyo saa inayopewa mpango wa usimamizi. Laiti ingewezekana, ningeupeleka Jumatatu asubuhi. Alama za mtihani wa mwisho karibu kila mara hupanda kuliko za ule wa kwanza, na kupanda huko hakusemi chochote kuhusu atakachofanya mtu yule Jumatatu inayofuata akiwa na foleni mlangoni. Kinachoamua ni kama kuna mtu atakayekaa naye chumbani mara ya kwanza anapokwama.

Mpango unaostahili jina hilo unaingia kwenye ukurasa mmoja. Una jina la msimamizi ambaye ana ujuzi wa tiba hii hasa, mara nyingi muuguzi wa afya ya akili wa hospitali ya wilaya. Una tarehe ya ziara ya kwanza, isiyozidi mwezi mmoja tangu kozi iishe, na baada ya hapo kila mwezi kwa kipindi cha mwanzo. Una namba ya simu ya kupiga katikati, na saa ambazo itapokelewa. Unasema nani analipia mafuta ya pikipiki. Kundi la Wasapu linasaidia kwa maswali ya dozi, kwa sharti kwamba majina na picha za wagonjwa hazitumwi, lakini kundi hilo halimwoni tabibu akiuliza maswali ya ndiyo na hapana.

Hapo ndipo mipango mingi huanguka. Wilaya tayari ina utaratibu wa usimamizi shirikishi, na ni rahisi kusema afya ya akili itaongezwa humo. Gari linafika likiwa na watu wa chanjo, wa uzazi na wa famasia, kila mmoja na orodha yake. Anayeulizia afya ya akili anakagua kama mwongozo upo rafuni, kama fomu zimejazwa, anatia saini na kuondoka. Amekagua jengo. Usimamizi wa tiba ni kitu kingine: msimamizi anakaa pembeni mgonjwa halisi akihojiwa kwa ridhaa yake, wanasoma pamoja kurasa za wagonjwa watatu wanne, na tabibu analeta mmoja ambaye hamwelewi.

Tuseme ni wiki ya nane tangu kozi. Tabibu wetu wa miaka 26 analeta kesi ya mwanamume fundi seremala, sonona, hajapata nafuu. "Nimempa dawa mwezi na nusu," anasema, "naona hii ni ya kumpeleka Dodoma." Kutoka Kondoa, kwa mfano, safari hiyo ni zaidi ya kilomita 150, na siku za kazi zinazopotea si moja. Msimamizi hamkatalii. Anamuuliza yuko kwenye dozi gani, na jibu ni miligramu 25. Kwa nini haikupanda? Kwa sababu wiki ya pili mgonjwa alilalamikia mdomo mkavu, na tabibu akaogopa. Anauliza mgonjwa anameza lini, na inajulikana kuwa ni asubuhi, ndiyo maana anasinzia kwenye msumeno na siku nyingine anaruka. Anauliza kuhusu pombe, na hilo halimo kwenye maandishi. Wanamwita seremala siku hiyohiyo. Anakunywa gongo jioni, si kila siku, lakini siku anazokunywa hamezi dawa kwa sababu jirani alimwambia vitapigana. Hana mpango wa kujiua, na hajawahi kuwa na kile kipindi cha nguvu kupita kiasi. Mpango unaandikwa upya: dawa ihamie usiku, 50 wiki hii, 75 ijayo, maji ya kunywa karibu kwa ajili ya mdomo, mazungumzo ya wazi juu ya gongo, na aonekane kila wiki mpaka ziara inayofuata. Dodoma inabaki kuwa hatua ya baadaye, ikiwa wiki sita kwenye dozi kamili zitapita bila mabadiliko.

Mazungumzo hayo yamechukua nusu saa, na yamefundisha kupandisha dozi kuliko Jumanne nzima.

Msimamizi hodari ana njia nyingine za kujua kozi ilivyokwenda bila kumuuliza mtu. Anaingia stoo ya dawa. Amitriptilini ikiwa imekaa haijaguswa tangu kozi na inakaribia kuisha muda, hakuna sonona inayotambuliwa, hata kama fomu zinasema vingine. Ikiwa imeisha na haijaagizwa tena, wagonjwa wameachwa katikati. Anafungua daftari. Likiwa na kifafa pekee, tabibu amebaki na ugonjwa anaouamini, ule unaoonekana kwa macho. Likiwa na majina mengi mapya na hakuna marudio, kuna jambo wagonjwa hawaambiwi siku ya kwanza. Kama kila cheti kimeandikwa 25 usiku, haina haja ya kuendelea kutafuta.

Kinachobaki nje ya uwezo wake ni uhamisho. Mshiriki aliyeiva, ambaye amepitia ziara za kutosha na sasa anauliza swali la kujiua bila kukohoa kwanza, anapokea barua ya kwenda kituo kingine, au anapelekwa chumba cha upasuaji mdogo, na daftari linakaa kimya mpaka kozi nyingine ipatikane. Ndiyo maana waandaaji wenye uzoefu huchukua wawili kutoka kila kituo, tabibu na muuguzi, na kuwaketisha meza moja tangu Jumatatu. Muuguzi naye anaweza kuhamishwa, lakini ni nadra barua mbili kuja siku moja, na yule anayebaki anajua mama muuza dagaa yuko kwenye miligramu ngapi na tarehe yake ya kurudi ni lini.